Wanafunzi wanakopi majibu ya ChatGPT kwa mkono, kwenye daftari hadi kwenye mtihani. Walimu mnawagunduaje?

#1 Chaki Nyeupe
Habari wakuu. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, shule ya kutwa. Somo linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo nikisoma daftari nasikia kabisa sauti ya aliyeandika.

Shuleni kwetu tulikubaliana kazi zote za nyumbani ziandikwe kwa mkono ili kupunguza mambo ya simu. Nikatoa swali: eleza sababu na matokeo ya Vita vya Majimaji, kurasa mbili. Sasa nasahihisha, nakutana na sentensi hii, nainukuu kama ilivyo:

"Maji hayo yaliaminika kugeuza risasi za Wajerumani kuwa chachu ya kuunganisha makabila ya kusini."

Mwandiko mzuri, hakuna palipofutwa, na sentensi inayofuata inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Risasi imegeuka chachu! Daftari jingine lina kichwa kidogo kilichoandikwa hivi kwa kalamu ya bluu: \*\*Sababu za Kiuchumi:\*\*. Nyota mbili mbele, nyota mbili nyuma, zile ambazo mashine huweka ili kukoza maneno, zimechorwa kwa uangalifu mkubwa. Nikamuuliza kijana hizi nyota za nini, akanijibu "mapambo, mwalimu".

Najua si kazi zao. Lakini kujua ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Ninyi mnagundua kwa alama zipi hasa, na mzazi akija ofisini mnasimamia wapi?

#2 Mdau wa Mbagala
Hahaha mapambo! Mpe alama za sanaa huyo, mwalimu.

#3 Mama Wawili
Samahani, hiyo programu ya kufanya maandishi ya kompyuta yaonekane kama mwandiko wa mkono inaitwaje? Mwanangu ana mwandiko mbovu sana, kila siku anapunguziwa alama za usafi. Kama ipo ya bure naiomba.

#4 Mdau wa Mbagala
Mama Wawili, hapa hakuna programu. Watoto wanasoma jibu kwenye simu halafu wanaliandika kwenye daftari kwa mkono wao wenyewe. Mwalimu anauliza namna ya kuwakamata.

#5 Mama Wawili
Aah. Basi huyo wangu hakopi, maana asingekuwa anapata saba.

#6 Mnukuzi
Chaki Nyeupe, hiyo sentensi ya risasi na chachu ni mali, usiipoteze. Nimefanya kazi miaka mingi na hati za kale za tenzi, zile zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kosa hilo tunakutana nalo kila mara. Ni kuruka kwa jicho.

Mnakili anasoma maneno machache, anageukia karatasi yake, anaandika, kisha jicho linarudi kutafuta lilipoishia. Linatafuta neno la mwisho lililoandikwa. Neno hilo likiwa limejirudia chini kidogo, jicho linaweza kutua kwenye la pili badala ya la kwanza, na yote yaliyo katikati yanamezwa. Anayenakili hasikii kitu, kwa sababu hasomi maana, anahamisha maneno tu.

Rudi kwenye sentensi yako utafute neno la kiungo. Ni "kuwa". Nakadiria maandishi ya asili yalikuwa hivi: "Maji hayo yaliaminika kugeuza risasi za Wajerumani *kuwa* maji. Imani hiyo ilienea haraka na *kuwa* chachu ya kuunganisha makabila ya kusini." Kijana ameandika hadi "kuwa" ya kwanza, jicho likarudi likatua kwenye "kuwa" ya pili. Mtu anayetunga kutoka kichwani hawezi kukosea namna hiyo. Atakosea tahajia, atasahau tarehe, ataacha sentensi inaning'inia, lakini hataunganisha nusu mbili za sentensi mbili ambazo kila moja peke yake ni safi.

Alama ya pili iko kwenye maneno yaliyokatwa. Usiangalie kama amefuta au hakufuta, soma ALICHOFUTA. Anayetunga anafuta neno na kuweka linalokaribiana nalo: anakata "walikasirika" anaweka "walichukizwa", au anakata nusu ya wazo na kuanza upya. Anayenakili anafuta neno ambalo halihusiani na sentensi ile, halafu unalikuta neno lilelile limekaa sawasawa mstari mmoja au miwili mbele. Jicho lilitangulia, mkono ukafuata, akagundua, akakata.

#7 Chaki Nyeupe
Mnukuzi, asante sana. Nimerudi kwenye madaftari sasa hivi. Wa nyota ameandika "Wananchi walilazimishwa kulima ~~akida~~ pamba bila ujira wa maana", na mstari unaofuata unaanza "Kila akida alipewa mamlaka ya…". Ilikuwa mbele ya macho yangu nikaipita.

Na kuna jingine. Hoja zake zinakwenda 1, 2, 3, 5, 6. Ya nne haipo.

#8 Mnukuzi
Hiyo ya namba inawezekana kabisa kuwa ni simu. Kwenye ukurasa wa kitabu unaliona jibu zima. Kwenye simu unaona kipande, unasogeza kwa kidole, na ukisogeza zaidi ya inavyotakiwa, hoja nzima inapita juu ya kioo bila kuonekana. Kwa hiyo anayenakili kutoka kitabuni hupoteza mstari, wa simuni anaweza kupoteza aya nzima.

Ila nikuonye kabla hujaita mzazi. Haya yote yanathibitisha kwamba kijana AMENAKILI. Hayathibitishi amenakili kutoka wapi. Inaweza kuwa ChatGPT, daftari la kaka yake, au la jirani kwenye dawati.

#9 Kijana wa Teknohama
Wakuu mnajichosha bure. Dunia imeshahama huko. Piga picha ukurasa, simu inageuza mwandiko kuwa maandishi, unakopi unabandika kwenye kitambuzi cha akili mnemba, sekunde kumi unapata asilimia. Mimi niliweka insha ya mdogo wangu ikaja 96. Nilipombana akakiri. Mambo ya kuangalia maneno yaliyokatwa ni ya karne iliyopita.

#10 Mhadhiri wa Usiku
Kijana, nusu uko sahihi: kubadili picha kuwa maandishi kunawezekana, ingawa mwandiko wa mkono unasomwa vibaya na kila neno lililosomwa vibaya linabadilisha kile unachokipima. Hiyo 96 ndiyo yenye tatizo.

OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa kitambuzi chao Januari 2023. Kwa majaribio yao wenyewe kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya watu kiliyaita ya mashine. Walisema wazi kuwa kwa lugha zisizo Kiingereza kinafanya vibaya zaidi, na kwa maandishi mafupi hakitegemeki. Julai 2023 wakakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Sasa chukua hiyo asilimia 9 uiweke kwenye mkondo wa wanafunzi 60 ambao wote wameandika wenyewe: watano au sita wanaitwa wezi.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vitambuzi saba kwa insha za Kiingereza za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa za mashine, na zilikuwa za watu. Vitambuzi vingi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mtu mwenye msamiati mdogo anatabirika. Mwanafunzi wetu wa kidato cha pili ndiye hasa atakayenaswa kimakosa.

Na msithubutu kuiuliza ChatGPT yenyewe "hii umeandika wewe?" Mei 2023 mwalimu wa chuo kimoja huko Texas alifanya hivyo, ikamjibu ndiyo, akazuia alama za wanafunzi waliokuwa wanakaribia kuhitimu. Haina kumbukumbu ya kujua ilichomwandikia mtu mwingine. Inajibu tu.

#11 Kijana wa Teknohama
Sawa mkuu, lakini hivyo ni vya 2023. Vya sasa vimeboreshwa. Na mdogo wangu alikiri, hilo utalielezaje?

#12 Mhadhiri wa Usiku
Alikiri kwa sababu ulimbana. Ungembana bila kitambuzi angekiri pia. Kuboreshwa sawa, nionyeshe kimoja kilichopimwa kwa Kiswahili cha wanafunzi wetu ndipo tuendelee.

#13 Shangazi Tanga
Mimi naomba mnisikilize walimu, maana mnaongea kama wote wanaokopi ni wezi. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tatu. Tangu akiwa darasa la tano nilimfundisha kuandika rasimu kwanza kwenye karatasi chakavu, halafu anahamishia kwenye daftari kwa usafi. Mwalimu wake akamwambia mbele ya darasa kwamba kazi hii si yako, hakuna palipofutwa, na mstari mmoja umeruka. Mtoto amelia wiki nzima, na karatasi ya rasimu alishaitupa.

Sasa wewe Mnukuzi na kuruka kwa jicho kwako: mtu akinakili rasimu YAKE MWENYEWE jicho haliruki?

#14 Mnukuzi
Linaruka dada yangu, tena sana. Hata mtunzi akinakili utenzi wake mwenyewe anaruka beti. Umeweka kidole pale nilipokuwa naogopa. Alama zile zinaonyesha kitendo cha mkono, hazionyeshi akili iliyotunga. Ninachoweza kusema ni kwamba anayenakili cha kwake mara nyingi anarekebisha anapohamisha, anabadilisha neno njiani, kwa hiyo nakala inakuwa na dalili zote mbili. Lakini "mara nyingi" haitoshi kumhukumu mtoto.

Mwambieni atunze rasimu. Mwalimu wake naye angedai rasimu kabla ya kumsema mbele ya wenzake.

#15 Bahari Hindi
Kudai rasimu? Wataiandika rasimu kutoka kwa jibu. Wanakopi kwanza safi, halafu wanatengeneza chafu. Nimeshaona.

#16 Kalamu Nyekundu (mstaafu)
Salaam. Nimesahihisha mitihani ya taifa kwa misimu mingi kabla ya kustaafu. Kule msahihishaji anaona namba ya mtahiniwa, hajui mtoto ni nani, kwa hiyo huwezi kusema "huyu namfahamu, si uwezo wake". Tulichokuwa tunaangalia ni kufanana. Mnakumbuka lugha ya Baraza la Mitihani wanapofuta matokeo: mfanano usio wa kawaida wa majibu. Na kufanana kwa majibu sahihi hakukutushtua, wote wamefundishwa na mwalimu mmoja. Tulishtuka walipofanana KUKOSEA.

Wasiwasi wangu na hizi mashine ni kwamba watoto watano wakiziuliza swali moja, kila mmoja anapewa maneno tofauti. Mfanano wa maneno umekufa. Lakini mfanano wa kosa bado upo. Mjukuu wangu aliniletea jibu lililosema Kinjekitile aliuawa vitani mwaka 1907 akiongoza mashambulizi. Rafiki yake naye alikuwa na sentensi nyingine kabisa, mpangilio mwingine, lakini Kinjekitile anakufa vitani 1907. Maneno mawili tofauti, uongo mmoja. Chaki Nyeupe, panga madaftari yako kwa makosa ya ukweli, usiyapange kwa maneno.

#17 Mdau wa Mbagala
Mzee kwani Kinjekitile si alinyongwa Songea pamoja na wale mashujaa? Makumbusho yako kule.

#18 Kalamu Nyekundu (mstaafu)
Hapana kijana. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Mohoro, Rufiji, tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Walionyongwa Songea ni viongozi na wapiganaji wa Kingoni, tarehe 27 Februari 1906, ndiyo maana kumbukumbu hufanyika kila Februari. Vita iliendelea hadi 1907 bila yeye. Ni rahisi kuvichanganya, na mashine nayo inavichanganya.

#19 Chaki Nyeupe
Mzee wangu shikamoo. Nimefanya hivyo jioni hii. Kwenye mkondo mmoja, madaftari manne yana Kinjekitile aliyekufa vitani. Wawili hawakai karibu na wala si marafiki. Nimefurahi, kisha nikakumbuka Mnukuzi: hawa wanne wanaweza kuwa wamesoma kwenye kijitabu kimoja kibovu cha mtaani.

#20 Kalamu Nyekundu (mstaafu)
Marahaba. Angalia pia kama kijitabu hicho kipo. Kikiwepo, kesi imekwisha kwa upande wa watoto na inaanza kwa upande wa mchapaji.

#21 Mkenya Halisi
Hamjambo majirani. Huku kwetu tulikuwa na mwakenya, kile kikaratasi kinafichwa ndani ya soksi. Sasa mwakenya ni simu nzima. Tangu Meta AI iingie ndani ya WhatsApp mwaka 2024, mtoto hahitaji kupakua chochote, anabonyeza kile kiduara anauliza swali. Mzazi anaona mtoto yuko WhatsApp, anadhani anachati.

Niseme jambo. Kwa miaka kadhaa niliwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, kazi iliyolisha vijana wengi Nairobi kabla ya hizi mashine kuipunguza. Sheria ya kwanza tuliyofundishana: iga kiwango cha mteja. Akikutumia ujumbe wenye makosa, usimwandikie kama profesa. Wanaokamatwa ni wale wasiojua hilo. Mwanafunzi anayeandika barua ya kuomba ruhusa kwa shida, halafu kwenye insha anaandika "ni dhahiri kuwa athari hizo zilikuwa na taswira pana", huyo kajikamatisha. Chukueni kitu chochote alichoandika mbele yenu, hata nusu ukurasa, mkiweke kando ya insha.

#22 Mhitimu wa Juzi
Nimemaliza kidato cha nne juzi juzi, nawaambia ukweli kutoka upande wetu. Hayo ya nyota na namba kuruka ni ya wageni. Wenye uzoefu wanaiambia kabisa: "andika kama mwanafunzi wa kidato cha pili Tanzania, sentensi fupi, usiweke vichwa." Wengine wanaiambia iweke makosa mawili matatu. Halafu hawakopi mfululizo, wanasoma aya nzima, wanafunika simu, wanaandika wanachokumbuka. Hapo jicho litaruka wapi?

Kwenye mtihani wa shule ndiyo kabisa. Mwalimu akishatoa "maeneo", tunaitengenezea kila eneo insha, tunakariri usiku, asubuhi tunamwaga. Simu haiingii chumba cha mtihani. Huo nao mnauita udanganyifu? Kwa sababu miaka yote mlituandikia notisi ubaoni, tukanakili, tukakariri, tukamwaga, mkatupa A. Tofauti ni nini, kwamba sasa aliyeandika notisi si wewe?

#23 Bahari Hindi
Swali zuri sana hilo. Walimu jibuni, msilikimbie.

#24 Chaki Nyeupe
Mhitimu, kwa aliyesoma aya akafunika simu na kuandika anachokumbuka, mimi sina ugomvi naye mkubwa, huyo amesoma. Ugomvi wangu ni na yule anayeniandikia risasi ikageuka chachu na haoni kosa, kwa sababu maneno yamepita kwenye mkono bila kupita kichwani. Kuhusu kukariri, kuna dalili moja ninayoiona kwenye vijitabu vya majibu: swali linauliza kwa nini vita ile ILISHINDWA, jibu linaeleza kwa nini ILITOKEA, kwa ufasaha wote, tena na hitimisho. Alikuja na insha yake akaimwaga palipo na neno Majimaji. Lakini nakubali, hiyo ilikuwepo hata kabla ya simu.

#25 Mhadhiri wa Usiku
Simu haiingii chumba cha mtihani? Shuleni labda. Huku vyuoni inaingia. Nimewahi kushika kijitabu cha mtihani wa mwisho wa muhula ambacho jibu la swali la pili liliishia hivi, kwa mwandiko wa mtahiniwa: "Je, ungependa nifafanue zaidi hoja ya tatu?" Alikuwa anahamisha kutoka chini ya meza kwa haraka kiasi kwamba alihamisha hadi salamu. Hapo sikuhitaji kuruka kwa jicho wala asilimia. Kamati ilimsikiliza nusu saa, naye hakubisha.

Lakini kesi kama hiyo ni ya bahati. Kwa kazi za nyumbani mimi nina utaratibu mwingine. Wiki ya kwanza ya muhula wanaandika ukurasa mmoja darasani, mada nyepesi, mimi nimesimama pale. Naziweka kwenye faili. Ikija kazi inayonipa shaka, sisemi neno. Nachukua aya moja ya mwanafunzi mwenyewe, naichapa upya nikiziba kila neno la tano, namwita ofisini namwambia jaza. Si mtihani wa historia, ni maneno yake mwenyewe. Aliyetunga anajaza mengi, na anapokosea anaweka neno analolitumia siku zote ambalo bado linaleta maana. Aliyenakili anakwama kwenye viunganishi vidogo, maana havikuwa vyake.

Chukulia sentensi hii kutoka kazi moja ya mwaka jana: "Utawala wa Wajerumani uliwatumia ____ kukusanya kodi, na hawa ____ walikuwa wageni wasiojali mila ____ wenyeji." Nafasi ya kwanza ni "maakida". Mwanafunzi aliweka "wanajeshi". Nikamuuliza akida ni nani. Akanyamaza. Neno hilo lilikuwa mara sita kwenye kazi yake.

#26 Mnukuzi
Mhadhiri, njia nzuri, ila ina mashimo mawili. Kazi ikiwa ya zamani kidogo hata mwenyewe anasahau maneno yake. Nipe barua niliyoandika mwezi uliopita, sidhani kama nitaijaza vizuri. Na mtoto mwoga akiitwa ofisini peke yake anasahau hata jina la baba yake. Shangazi Tanga atakuambia binti yake angejaza ngapi siku ile.

#27 Shangazi Tanga
Asingejaza hata moja. Angelia.

#28 Mhadhiri wa Usiku
Kweli, ndiyo maana naifanya ndani ya siku mbili tatu baada ya kukusanya, na siifanyi kwa mmoja. Naita watano, watatu kati yao siwashuku kabisa. Wale watatu ndio kipimo changu: wakijaza mengi na mmoja wa waliobaki akajaza robo, hapo namuuliza maswali. Wote wakijaza kidogo, aya ilikuwa ngumu, naachana nayo. Sijamfelisha mtu kwa kujaza peke yake.

#29 Kijana wa Teknohama
Yote hiyo kazi kwa mwalimu mwenye mikondo minne ya watoto 70? Mwalimu wa sekondari ya kata ataita watano watano hadi lini? Ndiyo maana nilisema kitambuzi.

#30 Chaki Nyeupe
Hapo umenigusa Kijana, idadi ndiyo inayotuua. Ila nisingependa kuokoa muda wangu kwa kumchafua mtoto asiye na kosa.

Nilichoamua kwa sasa ni kubadilisha swali. Kazi ijayo: mwulize mzee mmoja nyumbani au mtaani kwenu kuhusu kodi ya kichwa, jinsi ilivyolipwa na aliyeshindwa alifanywa nini, andika alivyosema kwa maneno yake, taja ni nani na anaishi wapi.

#31 Mhitimu wa Juzi
Mwalimu kwa heshima, hiyo wataiambia "nitungie mzee wa miaka 85 wa Lindi anayesimulia kodi ya kichwa". Itakupa mzee, itampa jina, itampa na kikohozi.

#32 Kalamu Nyekundu (mstaafu)
Hapo sasa hana pa kujificha, kijana. Mwalimu atauliza nyumba ya mzee iko wapi. Halafu mzee wa 85 leo alizaliwa enzi za Mwingereza, kodi anayoikumbuka ni ya Mwingereza na aliilipa kwa shilingi. Mzee wa kutungwa ataisimulia ya Mjerumani kana kwamba alikuwepo, na atataja rupia. Mwalimu, hiyo rupia ndiyo uitafute.

#33 Mama Wawili
Mwalimu, mimi mzazi naomba kujua. Kwetu hakuna mzee, tumehamia mjini na majirani wote vijana. Wangu atamuuliza nani?

#34 Chaki Nyeupe
Mama Wawili, ampigie simu babu au bibi kijijini, hata dakika tano zinatosha, aandike na siku aliyompigia. Kama hakuna kabisa, aje aniambie kabla ya Ijumaa nitamkutanisha na mlinzi wetu wa shule, ni mtu wa Kilwa na ana mengi.

#35 Bahari Hindi
Na wale wanne wa Kinjekitile umewafanyaje? Hujatuambia.

#36 Chaki Nyeupe
Bado. Nimemtuma mtu sokoni atafute kama hicho kijitabu kipo. Alama zao nimeziacha wazi kwa penseli.